Majonzi si uso uliokunjwa

"Nina picha ya nyanya yangu akiwa matangani. Nataka mchoraji achore mwanamke mwingine mwenye majonzi yale yale, bila kumpa picha yenyewe. Nikimwambia ana huzuni, ananiletea mtu aliyenuna. Nieleze vipi?"

Hilo la kununa lilinikuta, na kosa lilikuwa langu. Naandika hadithi hapa Mji wa Kale, mchoraji wangu yuko Kisauni. Nilikuwa na picha ya shangazi yangu, nikamwandikia: "nyusi zimekunjwa." Akanichorea mama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi!

Nyusi zikikunjwa hushuka na kukaribiana, na hiyo ni hasira, au mtu anatunga uzi sindanoni. Kwenye majonzi ncha za ndani, za upande wa pua, hupanda huku zikisogeleana, na zile za nje hubaki chini. Nyusi hukaa kama paa la makuti. Ndita nazo hutokea katikati ya kipaji tu, hazivuki paji lote. Darwin aliandika habari za misuli hiyo mwaka 1872, akaiita misuli ya huzuni, na akaona kuwa ni wachache wanaoweza kuichezesha kwa kutaka. Kwa hiyo usijiigize kiooni. Tazama picha yako, ziba mdomo kwa kidole, uandike nyusi peke yake.

Kisha ziba nyusi. Shangazi hakuwa akilia, alikuwa akijizuia: midomo imebanwa, pembe zake zimeshuka kidogo, kidevu kimejikusanya na kufanya vijishimo kama ganda la chungwa. Kidevu hicho ndicho watu wengi husahau kukitaja.

Mkao nilipewa na lugha yenyewe: ameshika tama. Ila mtu hushika tama hata akisubiri feri Likoni, kwa hiyo niliongeza mabega na macho. Maelezo ya pili yakawa hivi: "Ameketi mkekani, ameshika tama, mabega yamelegea, macho yako kwenye ukindu. Ncha za ndani za nyusi zimepanda. Midomo imebanwa, kidevu kina vijishimo." Safari hii alipatia, nikamwomba tu apunguze ndita.

Kicheko kikubwa kina mtego wake. Mdomo wazi, macho yamefumba, machozi yanatoka: hivyo ndivyo kilio pia. Taja kwamba mashavu yamepanda na ncha za ndani za nyusi zimetulia, la sivyo utaletewa msiba.

Fahari, kwa maoni yangu, usiitafute usoni. Uso peke yake utaonyesha tabasamu dogo ambalo laweza kuwa la jambo lolote. Inayosema ni kifua kilichotunishwa, kidevu kilichoinuliwa kidogo na mikono kiunoni. Picha iliyokatwa shingoni yatosha kwa majonzi ya nyanya yako; siku ukitaka fahari, tafuta inayomwonyesha hadi kiunoni.