Bluu si maji: kwa vijana wanaoanza kupima nyumba za Mji Mkongwe

Vijana, ripoti zenu nimezisoma zote, na zimefanana kama zimetoka tumbo moja. Picha ya kamera ya joto yenye doa la bluu, kipima unyevu kimegota mwisho wa skeli, kisha hukumu: ukuta unanyonya maji kutoka ardhini. Aliyeandika alipima saa ngapi, simuoni. Aliyeandika hewa ya siku hiyo ilikuwa na unyevu gani, naye simuoni. Basi tukae kitako.

1. Kamera inasoma joto la uso wa ukuta, basi. Haya mnayajua, mtihani mmeyajibu vizuri, lakini mkifika kazini mnasahau. Ukiiacha ijipangie skeli yenyewe, itagawa rangi zake zote baina ya sehemu baridi kabisa na sehemu ya joto kabisa iliyoko mbele yake, hata kama tofauti ni nyuzi moja tu. Hapo ndipo ukuta mzima unapoonekana una msiba. Funga skeli kabla ya kupiga picha. Na mabati mapya msiyapime kabisa, kwa sababu yanaakisi anga. Nimeshaletewa paa la Malindi lililosoma nyuzi 9 chini ya sifuri, na aliyeleta hakucheka.

2. Kipima cha pini hakipimi maji. Kinapima umeme unavyopita baina ya pini mbili, kisha kinatoa asilimia kwa jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya mbao. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Kwa hiyo ukisoma 28 ukutani, hiyo si asilimia 28 ya maji. Ni namba ya kulinganishia hapa na pale kwenye ukuta huohuo. Ikiwa ukuta una chumvi, unyevu kidogo sana unatosha kupitisha umeme mwingi, na namba inaruka.

Hili mimi nililisoma kwa gharama ya watu wengine. Chumba cha chini, nyumba ya zamani, rangi imebambuka mpaka usawa wa kifua na chumvi imetoka nje kama ukoga mweupe. Nilikwenda asubuhi. Kamera ikanionyesha doa baridi, kama nyuzi mbili chini ya ukuta wa pembeni. Pini nikazichomeka, namba ikapanda mpaka mwisho. Nyuma ya ukuta ule ni bafu la jirani. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe, nikaandika bila haya: bomba la jirani linavuja. Nikaongeza na ushauri, kwamba lipu ya chokaa itolewe na ipigwe ya simenti.

Jirani, bi mkubwa mmoja mpole, alikubali sakafu ya bafu lake ivunjwe. Bomba kavu. Kifusi chini ya bomba kikavu, kinatoa vumbi. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hayo maji umeyaona wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Simenti upande wa pili ilikwisha pigwa, na haikukaa sana ikaanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga. Maji ya kuchanganyia simenti yenyewe yaliyeyusha chumvi iliyokuwa imelala ukutani, ikatambaa na kutokeza juu ya pale simenti ilipoishia. Nilikuwa nimeupandisha ugonjwa kwa mkono wangu.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee wa chokaa aliyeitwa kuja kuyasafisha makosa yangu. Alisema chumba kile kilikuwa stoo ya papa mkavu, na pale kwenye doa langu palikuwa na zidaka, shimo la ukutani la kuwekea vitu, likazibwa kwa matofali ya simenti. Nikaifungua tena ile picha. Doa lilikuwa na pembe nne zilizonyooka! Maji hayachori pembe, na mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara kadhaa bila kuziona.

Nilirudi wakati wa magharibi na kamera. Lile doa baridi sasa lilikuwa na joto kuliko ukuta wa pembeni. Zege na tofali la simenti ni zito kuliko chokaa na matumbawe: asubuhi linachelewa kupata joto, jioni linachelewa kupoa. Doa linalogeuka hivyo kwa kawaida ni tofauti ya vitu vilivyojengwa. Doa la maji yanayokauka hubaki baridi. Hufifia hewa ikishiba unyevu, lakini mara nyingi haligeuki kuwa joto. Ndiyo maana katikati ya masika kamera yako inaweza kukuonyesha ukuta safi kabisa ilhali umelowa: hakuna kinachokauka, basi hakuna kinachopoa.

Pini nazo nilizirudisha kwenye nukta zilezile nilizoziwekea alama ya chaki. Alfajiri namba juu, alasiri ya kaskazi imeshuka. Bomba linalovuja halijui saa. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, na usiku wetu huivuka hiyo mara nyingi.

3. Ukibaki na shaka, toboa. Ndiyo, najua tumejiita wapimaji wasioharibu, lakini tundu la milimita 9 lililotobolewa kwa ruhusa na kuzibwa kwa chokaa si sawa na sakafu ya bafu la mtu. Zungusha keekee polepole, la sivyo joto lake litaukausha unga; tupa ule wa juu, chukua wa ndani, ufunge kwenye kichupa papo hapo, upime uzito. Kisha uweke wazi ndani ya mtungi unaofungika wenye tope la chumvi ya jikoni lililokolea mpaka chumvi nyingine haiyeyuki. Hewa ya mtungi huo hutulia kwenye asilimia 75. Unga ukiacha kubadilika uzito, pima, halafu ukaushe kwenye tanuri nyuzi 105, pima tena. Kama kuna jasi ndani yake, punguza moto, maana jasi hutoa maji yake yenyewe.

Chukua mfano wa unga wa gramu 20.0. Ukitoka mtungini una 20.1, ukikauka 19.2. Ukutani ulikuwa na maji gramu 0.8, na hewa peke yake inaweza kuupa 0.9. Msivunje kitu, chumvi imekwisha kujieleza. Mwingine, wa chini ya mchirizi wa paa: 20.0, mtungini ukashuka 18.4, mkavu 18.2. Hewa inaupa 0.2 tu, na ulikuwa na 1.8. Hayo mengine yana pa kutokea, katafuteni mchirizi.

4. Pini zina kwao, nako ni mbao. Nendeni kwenye vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani, mtumie pini ndefu zilizovikwa plastiki zikabaki wazi ncha tu. Jedwali la kifaa si la mkoko, kwa hiyo pimeni pia katikati ya boriti hiyohiyo, palipo pakavu, mlinganishe. Kichwa kikipita 20 na katikati kuna 13, anzeni kuuliza maji yanaingilia wapi. Kikikaribia 30, wekeni nguzo chini yake kwanza, ripoti mtaandika baadaye.