Mpasue mgongoni, mlaze bapa: kuku wa oveni aliyenirudishia heshima kwa mawifi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia hivi: "Dada, kuku wangu wa oveni juu anakuwa mwekundu vizuri, chini mweupe kama kachemshwa, na nikikata paja nakuta damu. Kidari nacho kikavu kama pamba. Nakosea wapi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kuku huyo namjua. Niliwahi kumpakulia mama mkwe wangu.

Ilikuwa Iddi, mwaka wa pili wa ndoa yangu. Pilau niliimudu, kachumbari ikawa safi, na nikaamua kuwashangaza wakwe kwa kuku mzima wa oveni, amekaa katikati ya sinia miguu imefungwa kwa uzi. Alikuwa kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu hivi. Nilimpaka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, bizari na mtindi, nikamwingiza saa sita na nusu kwenye nyuzijoto 180. Saa nane akatoka, rangi yake dhahabu, nikampiga picha. Wifi yangu mkubwa akashika kisu, akatenganisha paja na mwili, na pale kwenye maungio nyama ikawa bado inateleza, ya waridi, yenye majimaji mazito. Akamgeuza. Mgongoni ngozi ilikuwa nyeupe, laini, imelowa mchuzi wake mwenyewe. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayesifia: "Kuku wa picha huyu, wifi."

Tukamrudisha kwenye oveni. Tulikula saa tisa, na kufikia hapo kidari kilikuwa kinahitaji soda kukishusha. Neno lile, "kuku wa picha", lilikaa kwenye familia ile miaka. Hata sasa ninapoandika naona uso unapata moto.

Dawa nilikuja kuipata kwa mchoma kuku wa mtaani kwetu, Tabata. Nilikuwa nasubiri oda yangu, nikimwangalia anavyoandaa. Anamlaza kuku kifua chini, anapitisha kisu pembeni ya uti wa mgongo, anamfungua kama kitabu, anamkandamiza kwa kiganja, ndipo anamweka kwenye wavu. Nikamuuliza kwa nini hachomi mzima. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Dada, ukimwacha duara, moto utalifikiaje paja kwa ndani?"

Nilirudi nyumbani nalitafakari hilo. Kuku mzima ni kama chungu. Katikati ana uwazi wenye ubaridi na mvuke, mapaja yamebanwa kwenye mbavu na joto huyafikia upande mmoja tu, huku kidari kimejitokeza juu kabisa, karibu na moto. Tatizo ni kwamba paja ndilo linalotaka joto zaidi. Kidari kikifika nyuzi 74 kwa ndani kimeiva, kikizidi sana kinakauka. Paja lina mishipa na mafuta, mimi silitoi kabla ya nyuzi 80, ndipo linapolainika. Basi kwa kuku wa duara unasubiri paja huku kidari kinaadhibiwa. Ukimlaza bapa, mapaja yanatoka nje, yanakaa pembeni yakiwa wazi, na kidari kinene kinabaki katikati. Ngozi yote inatazama juu. Hakuna tena upande wa chini wa kulowa mchuzi.

Sasa namna ya kumpasua. Tumia mkasi wa jikoni, ule mzito, wala usijaribu mkasi wa kushonea. Mlaze kifua chini, shika ule mkia wake, anza kukata kutoka mkiani kwenda shingoni, upande mmoja wa uti wa mgongo. Utasikia mbavu zinakatika moja moja. Ukifika karibu na paja mkasi utagoma. Usilazimishe, maana umegonga mfupa wa nyonga. Sogea kidogo kuelekea kwenye uti, utapita. Rudia upande wa pili, uti utoke mzima, uuweke pembeni. Mgeuze ngozi ije juu, weka viganja viwili katikati ya kidari, egemea kwa uzito wako mpaka usikie "ko!" Hapo mfupa wa kidari umevunjika na kuku amelala. Asipolala, mgeuze tena, chora kwa ncha ya kisu lile gegedu jeupe lililo juu ya mfupa, ukandamize upya. Ncha za vipapatio zikunje nyuma ya kidari, la sivyo zitaungua kuwa mkaa.

Mara ya kwanza nilijiona nimemaliza shule. Nikampaka ule ule mtindi wangu na ndimu, nikawasha nyuzi 220, na baada ya dakika ishirini nyumba nzima ilikuwa moshi. Mafuta yalidondoka kwenye trei tupu yakaungua, mtindi ukashika rangi nyeusi, na ngozi chini ya viungo ilikuwa bado laini kama karatasi iliyolowa. Mume wangu alifungua madirisha bila kusema kitu. Ndoa ndiyo hiyo.

Kosa lilikuwa maji. Nalisema tena kwa kuwa najua mtalipita: maji. Ngozi iliyolowa haiwezi kukauka hadi maji yake yote yageuke mvuke, na wakati huo haitazidi nyuzi mia moja. Wewe umeweka oveni 220, ngozi inaishi kwenye mia, nyama inaendelea kuiva. Mkishamwosha kuku, kama mnavyoosha, mkausheni. Kwa tishu za jikoni au kitambaa safi, nje na ndani, kwenye makwapa na chini ya mapaja. Halafu paka chumvi. Kwa kuku wa kilo 1.4 mimi natumia chumvi laini vijiko viwili vya chai visivyojaa, sehemu kubwa upande wa nyama, kidogo juu ya ngozi. Mlaze kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, kwenye rafu ya chini asidondoshee vyakula vingine. Asubuhi utamkuta ngozi imekauka, imebana, ukiigusa ni kama ngozi ya ngoma. Ukiona hivyo, kazi kubwa imekwisha.

Na viungo? Najua mtaniuliza, sisi watu wa viungo. Kitunguu saumu na tangawizi pondeni, changanyeni na siagi, pitisheni vidole kati ya ngozi na nyama ya kidari na mapaja, mpake huko chini. Juu ya ngozi weka mafuta kidogo na pilipili manga, basi. Ndimu nimeihamishia mezani. Mtindi na asali kwa joto hili ni kujitafutia moshi. Na yule anayefunika kuku kwa foili halafu analalamika ngozi imelegea, mpendwa, umempika kwa mvuke, unategemea nini?

Jumapili iliyopita wifi alikuja. Sikumwalika kwa ajili ya kulipiza, ingawa sitakataa kwamba nilimchagua kuku kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Oveni niliiwasha saa sita na dakika arobaini. Ina alama ya 220, lakini nilipoweka kipimajoto cha kutundika ndani miezi kadhaa nyuma niligundua nikiizungusha hapo inanipa 195. Kwa hiyo naizungusha mpaka karibu na mwisho. Kama kuku wako anachelewa kila mara, usijilaumu kabla hujaipima oveni. Yenye feni, punguza nyuzi ishirini. Ndani ya trei nilitandaza viazi na vitunguu vilivyokatwa vipande vinene, juu yake wavu, juu ya wavu kuku. Mafuta yanadondokea viazi, moshi hakuna, na viazi vile watoto wanavigombea kuliko nyama. Mapaja niliyaelekeza nyuma ya oveni, maana kwangu nyuma ndiko kwenye moto zaidi.

Aliingia saa saba na dakika tano. Kwenye dakika ya ishirini na tano nilichungulia: ngozi imeanza kuvimba vimalengelenge vidogo, mafuta yanachemka juu yake yakilia. Kwenye dakika ya arobaini nilichoma kipimo cha nyama kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, ikasoma 77. Kidari 70. Nikampa dakika tano zaidi, akafika. Dakika arobaini na tano, mwenzangu, dhidi ya ile saa moja na nusu ya Iddi, na bado yule alikuwa mbichi. Msitegemee umeme upungue kwa nusu, maana oveni inavuta zaidi kwenye joto kali. Kinachookolewa hapa ni muda. Asiye na kipimo achome kwenye maungio ya paja: maji yatoke bila wekundu, na mguu ukiuzungusha ulegee.

Nilimwacha apumzike dakika kumi bila kumfunika. Kisu kilipogusa ngozi kilitoa mlio, kwenye kidari, kwenye paja, hadi kwenye kipapatio. Wifi akalichukua paja, akaling'ata, akasimama kidogo. Akaligeuza akitazama mfupa. "Wifi, mbona hapa pana wekundu?"

Moyo uliruka, nakiri. Lakini safari hii nilijua. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa mdogo, mifupa haijakomaa, na uboho wake unavuja unapopikwa, hasa akiwa amegandishwa. Anaacha doa jekundu au la zambarau kwenye mfupa hata akiwa ameiva. Tazama nyama yenyewe: ikiwa inachambuka nyuzi nyuzi na haitelezi, na kipimo kimesema, ameiva. Nikamwambia achambue kwa kidole. Akachambua. Akala.

Msomaji wangu wa Morogoro, jambo moja la mwisho: kama kuku wako ni wa kienyeji, jogoo aliyezunguka uwanja mwaka mzima, usinifuate kwenye haya. Dakika arobaini na tano zitakupa ngozi nzuri juu ya nyama ya kutafuna hadi Jumatatu. Huyo mchemshe kwanza taratibu mpaka alainike, ndipo umkaushe na kumpitisha kwenye moto mkali kwa ajili ya rangi.

Wifi alipomaliza aliangalia sinia, akaangalia jikoni. "Na mgongo wake uko wapi? Mimi ndio napenda mgongo." Ulikuwa jikoni, kwenye sufuria, pamoja na shingo na firigisi, supu imeshachemka. Nilimpakulia bakuli zima.