Msumari tumboni mwa ng'ombe

"Ng'ombe wangu hapa Kisauni amesusa chakula ghafla, maziwa yamekatika, amekunja mgongo. Jirani asema ni gesi. Nimpe mafuta ya kupikia?"

Gesi yaweza kuwepo, dada, jirani hajakosea sana. Lakini mgongo huo wanitia shaka ya msumari au waya. Finya ngozi ya mgongoni, nyuma ya mabega: mzima huinamisha mgongo, mwenye chuma hukataa, pengine aguna. Si kipimo cha kuapia.

Chuma hunasa tumbo la pili, na moyo uko mbele yake tu. Mwite daktari wa mifugo leo, ampe sumaku ya kumeza na antibaotiki (maziwa usiuze mpaka muda wa dawa uishe). Mfunge asitembee, miguu ya mbele iinuke kidogo. Siku 3 bila nafuu, zungumzeni upasuaji. Kidari kikivimba na mishipa ya shingo ikitutumka, moyo umeshaguswa. Hapo mimi singetumia pesa kumpasua.

Mitamba wapewe sumaku mapema. Na nyasi za kando ya majengo, au palipochomwa matairi, usikate.

"Wangu aharisha tu, nami nimpe sumaku?"

La, kaka, huyo ana lake. Apimwe kinyesi.