Kazi zinazorukwa kati ya ukurasa na ukurasa

*Swali: Programu yangu inasoma kazi nilizopangiwa kwa kurasa za kazi 50, inashughulikia kila kazi na kuifunga. Mwishoni nakuta nyingine hazikuguswa kabisa, na siku nyingine kazi moja inaletwa mara mbili. Nimeweka `ORDER BY` na `OFFSET`, sioni kosa liko wapi.*

Tatizo limo katika `OFFSET` yenyewe, kwa sababu haikumbuki ulipoishia. Inachofanya ni kuhesabu upya kutoka mwanzo wa orodha kama ilivyo dakika hiyo, kisha kuruka idadi uliyotaja. Orodha ya kazi haitulii, na orodha yako hasa inabadilishwa na programu yako mwenyewe.

Chukua kazi 120 zilizo wazi, zenye namba 1 hadi 120. Ukurasa wa kwanza unakuletea 1 hadi 50, nawe unazifunga zote. Kwa kuwa ombi lako linachagua kazi zilizo wazi tu, sasa orodha inaanzia kazi ya 51. Ukiomba `OFFSET 50`, kanzidata inaruka 51 hadi 100 na kukupa 101 hadi 120. Kazi 50 zimepita bila kuguswa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaouona. Kurudiwa hutokea kwa njia iliyo kinyume: orodha ikipangwa kwa kutanguliza mpya, kazi mbili zikiongezwa juu wakati unasoma, mbili za mwisho za ukurasa wa kwanza zinasukumwa chini na kuonekana tena juu ya ukurasa wa pili.

Katika mfumo wa kazi nilioutunza mimi, tuliacha kuhesabu nafasi tukaanza kutaja kazi ya mwisho tuliyoiona:

```sql
SELECT id, kichwa
FROM kazi
WHERE mhusika_id = 7
  AND hali = 'wazi'
  AND id > 50
ORDER BY id
LIMIT 50;
```

Hapo 50 ni namba ya kazi ya mwisho ya ukurasa uliotangulia, na katika ombi la kwanza unaweka 0. Kazi za nyuma zikifungwa au zikifutwa, ombi hili halitikisiki, maana linaanza baada ya namba fulani badala ya nafasi fulani.

Ugumu unaanza pale unapotaka kupanga kwa tarehe ya mwisho ya kazi. Tarehe moja hubebwa na kazi nyingi, na kanzidata hailazimiki kuzipanga zenye tarehe sawa kwa mfuatano uleule katika kila ombi. Tuseme umeishia kazi namba 812 yenye tarehe 2025-03-14. Ukiandika `mwisho > '2025-03-14'` utaruka kazi zote za siku hiyo zilizobaki. Ukiandika `>=` utazirudia ulizokwisha kuziona. Kwa hiyo namba ya kazi iingie pamoja na tarehe, katika mpangilio na katika sharti pia. Katika PostgreSQL inaandikwa hivi:

```sql
  AND (mwisho, id) > ('2025-03-14', 812)
ORDER BY mwisho, id
```

Kazi zisizo na tarehe ya mwisho zinahitaji uangalifu wa peke yake, na nadhani hapa ndipo watu wengi hunaswa. Kulinganisha `NULL` na tarehe hakutoi kweli wala uongo, hivyo safu hizo zinaachwa nje kimyakimya mara tu unapopita ukurasa wa kwanza. Tumia `COALESCE(mwisho, DATE '9999-12-31')` mahali pote ambapo `mwisho` imetajwa, ili zijipange mwishoni na ziweze kufikiwa. Hata hivyo, mtu akisogeza mbele tarehe ya kazi uliyokwisha kuisoma, utakutana nayo tena. Akiirudisha nyuma kabla hujaifikia, itakupita. Ndiyo maana kwa programu inayoshughulikia kazi zote, ambapo mpangilio wa kutazama hauna maana, ninapendelea `id` peke yake, kwa kuwa haibadiliki.

Bado kuna pengo moja ambalo hata `id` haizibi: kazi ya zamani, tuseme namba 30, ambayo mwenzako anakuhamishia wakati wewe umekwisha kufika 90. Dawa yake ni kurudia mzunguko kuanzia 0 hadi upate mzunguko usioleta kazi yoyote. Kwa kuwa ulizomaliza zimefungwa, mizunguko ya ziada huwa mifupi sana. Kazi zilizoshindikana kufungwa, hifadhi namba zake pembeni na uziondoe katika ombi, la sivyo zitarudi kila mara na mzunguko hautakwisha.

Ikiwa unasoma kupitia huduma ya mtandaoni badala ya kanzidata moja kwa moja, usichukulie ukurasa wenye kazi chini ya 50 kuwa ndio wa mwisho. Seva nyingine huchukua 50, kisha huondoa zile usizoruhusiwa kuziona, ukabaki na 43 au hata ukurasa mtupu huku mbele kukiwa na nyingine. Simama pale tu ambapo jibu halina tena alama ya ukurasa unaofuata, na alama hiyo uirudishe kama ulivyopewa, bila kubadilisha vichujio katikati ya safari.