Kumtuma mtu kikaoni: mipaka yake aijue yeye, na mwenye kikao pia

"Wakuu, Alhamisi nina kikao cha saiti lakini nitakuwa safarini. Nataka nimtume msaidizi wangu. Yeye nimweleze nini, na mwenye kikao nimwambie nini zaidi ya kwamba sitakuwepo?"

Mkuu, mimi ni mkandarasi mdogo wa mabomba, na hili lilishanikuta. Nilimtuma fundi wangu mkuu kwenye kikao cha mwezi cha jengo la ghorofa nne. Maelekezo yangu yalikuwa "kaa pale, andika wanachosema". Mwenye kikao sikumwambia kitu. Mwenyekiti akauliza mabomba ya ghorofa ya pili yanaisha lini, watu wote wakamgeukia kijana, naye akajibu wiki mbili. Hakujua kwamba viungio vyetu vilikuwa bado bandarini. Zile wiki mbili zikaandikwa kwenye muhtasari, na kikao kilichofuata nikazikuta kwenye yatokanayo, jina la kampuni yangu pembeni. Ningesema hakuwa na mamlaka ya kuahidi, lakini nani aliambiwa hivyo? Hata yeye mwenyewe hakuambiwa.

Safari ya pili nilikaa naye jioni moja kabla, tukafungua muhtasari uliopita na ajenda mpya. Hatukupita ajenda yote. Tulitafuta zile zinazotugusa tu, zikawa tatu, na kila moja nikamwambia mwisho wa mamlaka yake. Tarehe ya kumaliza vyoo vya ghorofa ya pili: anaweza kusogeza hadi siku tatu, zaidi ya hapo aseme ataniuliza. Mahali pa kupitisha bomba la maji taka: aamue mwenyewe, yeye ndiye anayelijua jengo. Kuziba kuta kwa plasta: hapa asikubali kabisa, hata abembelezwe vipi, mpaka tupime presha na geji isimame bila kushuka. Fundi plasta kila siku ana haraka, na bomba likivuja ndani ya ukuta uliokwisha pigwa plasta, gharama ya kubomoa wanakutupia wewe.

Kisha nikamfundisha jibu la kutumia akibanwa: "Hilo sina mamlaka nalo, nitaleta jibu kesho kabla ya saa sita mchana." Lazima liwe na muda. Ukisema "nitamwuliza bosi" halafu ukanyamaza, mwenyekiti ataendelea kukubana mpaka utoe tarehe ya kubahatisha. Mwisho nikajifanya mwenyekiti, nikamhoji kama dakika kumi. Hapo ndipo utajua kama ameelewa. Wangu alitikisa kichwa vizuri wakati wote wa maelezo, lakini nilipomuuliza kuhusu plasta akaniambia "tutajitahidi". Tukarudia.

Kwa mwenye kikao, usiandike tu "nina udhuru". Mimi niliandika hivi, siku mbili kabla:

"Habari za kazi Mhandisi. Kikao cha Alhamisi sitakuwepo, nipo safarini. Atakuja fundi wangu mkuu kwa niaba yangu. Njia za mabomba anaamua mwenyewe. Tarehe anaweza kusogeza hadi siku tatu. Bei na kazi za nyongeza hana mamlaka nazo, naomba zisubiri au mnipigie kati ya saa nne na saa tano, nitakuwa hewani. Tafadhali aandikwe kwenye mahudhurio kama mwakilishi wetu, na rasimu ya muhtasari mnitumie mimi pia."

Hiyo sentensi ya bei ndiyo yenye kazi. Mwenyekiti akishajua mapema kwamba huyu hawezi kukubali kazi ya nyongeza, ama ataisogeza ajenda, ama atakupigia. Asipojua, atauliza palepale mbele ya watu, na kijana ataona aibu kusema hawezi. Na ile ya mahudhurio usiidharau: mara ya kwanza wangu alikaa nyuma kama mgeni, na muhtasari ukaandika kwamba kampuni yetu haikuhudhuria, huku ukizinukuu zile wiki mbili zetu!

Angalizo: kama kikao chako kina kura, mfano mkutano wa chama au wa wanahisa, soma katiba yenu kwanza. Vingine haviruhusu mwakilishi kupiga kura, vingine vinataka fomu iwasilishwe mapema, na ujumbe wa simu hautamsaidia mtu mlangoni.

Baada ya kikao mwambie akupigie kabla hajapanda bodaboda, wakati bado anakumbuka. Muulize tumeahidi nini, na nani ametuahidi nini. Wangu alinipigia akasema plasta imesubirishwa mpaka Jumatatu, ila fundi umeme kasema tumemzibia njia ya waya ghorofa ya tatu. Rasimu ya muhtasari ilipokuja, hoja ya fundi umeme ilikuwa imeandikwa kama vile tumekubali kuhamisha bomba. Niliandika kurekebisha siku hiyohiyo, kwa sababu kumbukumbu zikishathibitishwa kikao kinachofuata, kuzigusa ni shughuli nyingine.