Bidhaa zimeungua: namna ya kuthibitisha dai lako mbele ya kampuni ya bima

Katika kazi ya kushughulikia madai ya bima, nimeona dai la bidhaa zilizoteketea likiwatesa watu kuliko mengine. Gari likigongwa, gari lipo, linaonekana. Duka likiungua, ushahidi wa kilichokuwemo umegeuka majivu, na mkataba unakutaka wewe, si kampuni, uthibitishe kilichokuwemo na thamani yake. Kwa hiyo nawaandikia mnaodai kwa mara ya kwanza, kwa kutumia mfano wa duka moja la viatu.

Moto umezimwa. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, na hata kama umepiga simu, iandike pia kwa barua pepe au ujumbe, ili tarehe ibaki mahali. Taarifa ya kwanza haihitaji hesabu. Inatosha kutaja namba ya mkataba, mahali, saa na kilichotokea kwa kadiri unavyojua. Usiandike chanzo cha moto kwa kukisia. Ukiandika "nadhani ni jiko" halafu ripoti ya zimamoto ikasema ni nyaya, kauli yako ya kwanza itakufuata hadi mwisho.

Kisha yalinde yaliyosalia. Funika paa, hamisha viatu vizima mahali pakavu, weka mlinzi, na tunza risiti za gharama hizo. Mkataba unakudai uzuie hasara isiongezeke. Lakini usitupe kitu. Maboksi yaliyoungua nusu na soli zilizoyeyuka ni ushahidi wako, na mtathmini wa hasara anayetumwa na kampuni atataka kuyahesabu. Yakiwa yanaoza au yanahatarisha afya, omba kibali cha maandishi cha kuyaondoa, na kabla ya hapo yapige picha safu kwa safu.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa dai. Wengi huketi wakaandika kwa kumbukumbu orodha ya kila kilichokuwa rafuni. Orodha hiyo ina nguvu ndogo. Mtathmini hufuata njia nyingine: huchukua bidhaa zilizohesabiwa mara ya mwisho, hujumlisha manunuzi yaliyofuata, na hutoa gharama ya vilivyouzwa. Kinachobaki ndicho kilichokuwemo siku ya moto. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kabla yake.

Tuseme duka letu lilihesabu bidhaa mwanzoni mwa mwaka zikawa za milioni 30 kwa bei ya kununulia. Tangu hapo limenunua za milioni 55. Mauzo ni milioni 60, na mwenye duka huongeza robo juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo viatu vilivyouzwa vilimgharimu milioni 48. Thelathini ongeza 55 toa 48 ni 37. Viatu vilivyookolewa vikihesabiwa ni vya milioni 9. Hasara ni milioni 28. Angalia kwamba faida haimo: bima ya kawaida ya bidhaa hurudisha gharama ya kuzipata, si bei ambayo ungeuzia.

Linganisha pia ile milioni 37 na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Hapa kimeandikwa milioni 40, salama. Kingekuwa pungufu ya 37, mikataba mingi ya mali ingepunguza malipo kwa uwiano uleule, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi hicho. Watu huona huku ni kudhulumiwa, lakini kipengele kimo ndani ya mkataba na hakuna barua ya malalamiko itakayokiondoa.

Kila namba katika hesabu ile iwe na karatasi nyuma yake: fomu za kuhesabu bidhaa, ankara za wauzaji, taarifa za benki, ritani za kodi. Kama uliitangazia mamlaka ya kodi mauzo tofauti na unayoiambia kampuni ya bima, tofauti hiyo itaonekana.

Ubishi huja hivi. Kampuni inaleta barua: inakubali hasara ya milioni 16 tu. Usijibu kwa hasira na usijibu kwa simu. Omba kwa maandishi hesabu ya mtathmini na kipengele cha mkataba wanachokitegemea. Katika duka letu, hesabu ilipofika ilionyesha kwamba manunuzi ya milioni 12 yamekataliwa kwa sababu yalikuwa na vikaratasi vya mkono visivyo na namba. Hapo ubishi unaacha kuwa "mnanidhulumu" na kuwa swali dogo linalojibika: je, milioni 12 zilinunuliwa kweli?

Mwenye duka akaenda kwa wauzaji wake, akapata taarifa za akaunti yake zilizogongwa mihuri. Akachapisha miamala ya simu aliyowalipia. Akapata kwa msafirishaji hati za kupokelea mzigo zenye tarehe. Vitatu hivyo vilikutana kwenye milioni 10. Milioni 2 zilizosalia hakuwa na uthibitisho wowote, na aliziondoa mwenyewe. Ningekushauri ufanye hivyo hivyo. Mikataba mingi inasema dai likiwa na udanganyifu, haki yote inapotea, pamoja na sehemu iliyo ya kweli. Na ankara ya kutengeneza hugundulika mapema, maana mtathmini humpigia simu aliyeitoa.

Hasara iliyokubaliwa ikawa milioni 26. Mkataba ulimtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya hasara, yaani milioni 2.6, akalipwa milioni 23.4.

Wakati wa mvutano, omba ulipwe ile sehemu isiyobishaniwa kama malipo ya awali. Hapa soma kwa makini sana unachotia saini. Kampuni hukupa hati ya kukiri malipo, na mara nyingi inasema umepokea fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho. Ukishasaini hiyo, kudai kilichobaki ni vigumu mno. Dai iandikwe wazi kwamba ni sehemu ya malipo na haiathiri haki yako kwa kilichosalia. Wakikataa kubadilisha maneno, peleka hati kwa wakili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kuna tarehe za mwisho tatu, si moja. Ya kutoa taarifa, na ya kuwasilisha dai lenye hesabu na vielelezo, ambayo katika mikataba mingi ni siku 15 au 30. Vielelezo vikichelewa, peleka ulichonacho ndani ya muda, taja kinachokuja, uombe nyongeza ya muda na upate jibu la maandishi. Ya tatu ndiyo inayowaangusha watu: muda wa kwenda kwenye usuluhishi au mahakamani baada ya kampuni kukataa. Tafuta kwenye masharti ya jumla, mara nyingi karibu na mwisho. Wakati mwingine ni miezi 12, wakati mwingine mitatu. Mazungumzo hayausimamishi muda huo. Barua za "tunaendelea kulipitia suala lako" zinaweza kuja mwezi baada ya mwezi, siku ikapita, na jibu linalofuata likawa kwamba umechelewa.

Kwa hiyo siku barua ya kukataa inapofika, andika tarehe yake juu na uhesabu mwisho wake. Kwanza lipeleke lalamiko kwa kitengo cha malalamiko cha kampuni yenyewe, kwa kuwa mdhibiti au msuluhishi wa bima kwa kawaida atauliza kama ulipita hapo. Ukifika kwa mdhibiti au msuluhishi huyo, mwambatishie barua ya kukataa, jibu lako na hesabu ya ukurasa mmoja. Muulize pia waziwazi kama lalamiko kwake linasimamisha muda wa kushitaki. Kama halisimamishi, wakili afungue shauri kabla ya tarehe ile, hata kama mazungumzo yanaonekana kukaribia mwisho mzuri.