Mhusika anayetetemeka akitembea

"Nimejichora katuni kutoka kwenye picha yangu, fremu 8 za kutembea, ila akitembea anatetemeka. Niongeze fremu?"

Hapana, fremu 8 zinatosha; kinachomtetemesha ni kwamba kila fremu imekatwa kwa kufuata ukingo wa mwili, hivyo hatua iliyopanuka imekuwa pana kuliko ile ambayo miguu inapishana, na katikati yake imehama. Weka kila fremu katika kisanduku cha pikseli 128 kwa 128, shiti nzima, yaani picha moja yenye fremu zote 8 kwa safu moja, iwe 1024 kwa 128, kiuno kikae umbali uleule kutoka ukingo wa kushoto wa kisanduku na unyayo uliokanyaga uguse mstari uleule wa ardhi. Mimi niligundua hilo baada ya kuchora miguu upya bure. Anayeshauri kwamba kichwa kisisogee kabisa amepatia nusu, kwani kichwa hupanda kidogo miguu inapopishana.